Kromatidi Arobaini: Namna ya Kuhakiki Idadi ya Kromosomu katika Mitosisi na Meiosisi

Mheshimiwa Mwenyekiti, walimu wenzangu wa baiolojia, wanafunzi wa Kidato cha Tano na cha Sita mlioikatisha Jumamosi yenu, mabibi na mabwana.

Nawashukuru walionialika. Barua yao iliniomba nizungumzie mgawanyiko wa seli. Mada hiyo ni pana mno kwa alasiri moja, kwa hiyo nimewaomba radhi wenyeji wangu nami nimeipunguza hadi swali moja la mtihani. Nitalisoma taratibu, na wenye kalamu waliandike:

Seli za kawaida za mmea wa mahindi zina kromosomu 20. Kila seli binti itakuwa na kromosomu ngapi (a) baada ya mitosisi, (b) baada ya meiosisi ya kwanza, na (c) baada ya meiosisi ya pili?

Kila mwalimu aliyewahi kusahihisha swali la namna hii anajua kwamba majibu yasiyo sahihi huwa na mpangilio wake. Kuna kundi linaloandika 20, 10, 5. Kuna linaloandika 20, 20, 10. Na kuna kundi dogo zaidi linaloandika 40, 20, 10. Jibu sahihi ni 20, 10, 10. Wanafunzi wa makundi hayo matatu hawakubahatisha. Kila mmoja alifuata njia fulani mpaka akafika alipofika. Kusudi langu leo ni kuonyesha kwamba njia zote tatu zinapotokea mahali pamoja, yaani pale mtu anapoamua nini kihesabiwe kuwa kromosomu moja, kisha kuwapeni hesabu fupi ya kuhakiki ambayo mwanafunzi anaweza kuifanya pembeni mwa karatasi kabla ya kufunga swali.

1. Tunahesabu sentromia

Kabla seli haijagawanyika, iwe kwa mitosisi au kwa meiosisi, hunakili DNA yake yote mara moja. Baada ya kunakili, kila kromosomu huwa na nyuzi mbili zinazofanana, nazo huitwa kromatidi dada. Nyuzi hizo hubaki zimeshikana, na mahali zinapobanana zaidi, penye kiuno, ndipo penye sentromia.

Walioniona nimeingia na kitambaa hiki walidhani ni zawadi ya Mwenyekiti. Hii ni doti ya khanga, mpya, haijakatwa. Ina vipande viwili vyenye mji uleule, pindo lilelile na jina lilelile, lakini muuzaji akiniuliza nimenunua doti ngapi nitamjibu moja. Nikishaikata katikati, ndipo ninapokuwa na khanga mbili, moja ya kujifunga na moja ya kujitanda. Kromosomu iliyonakiliwa ni doti ambayo haijakatwa. Inahesabiwa moja mpaka kromatidi zake zitengane, na zikishatengana kila moja inahesabiwa kromosomu kamili.

Kwa hiyo mwanafunzi asihesabu mikono ya ile herufi X tunayoichora ubaoni, wala asihesabu nyuzi. Ahesabu sentromia. Seli ya mahindi iliyokwisha kunakili DNA yake ina kromatidi 40, lakini sentromia zake ni 20 na kromosomu zake ni 20. DNA imekuwa maradufu, idadi ya kromosomu haijabadilika. Ninaona baadhi yenu mnatikisa vichwa, na mnayo haki, kwa sababu hapa ndipo mchoro unapoonyesha vitu vingi kuliko hesabu inavyokiri.

Kuna mahali ambapo idadi huongezeka maradufu kwa kweli, na ni vizuri mwalimu aliseme wazi asiliache lije kumshtua mtu baadaye. Katika anafesi ya mitosisi, kromatidi dada zikishaachana na seli haijagawanyika bado, seli hiyo moja ina kromosomu 40 kwa muda mfupi. Ishirini zinaelekea upande huu, ishirini upande ule. Yule aliyeandika 40 katika kipengele (a) aliitazama seli wakati huo akasahau kwamba swali linauliza habari za seli binti, ambazo huja baada ya seli kugawanyika.

2. Meiosisi mbili hazifanyi kazi moja

Mwanafunzi wa 20, 10, 5 ameambiwa, na ni kweli, kwamba meiosisi hupunguza kromosomu hadi nusu na kwamba ina migawanyiko miwili. Akaunganisha mambo hayo mawili akapata nusu mara mbili. Tukimlaumu tutamwonea, kwa sababu maneno aliyopewa yanaruhusu hesabu hiyo. Kilichokosekana ni maelezo ya kitu gani hasa hutengana katika kila mgawanyiko.

Kromosomu 20 za mahindi ni jozi 10. Katika kila jozi, kromosomu moja ilitoka kwenye chavua na nyingine kwenye yai. Mbili hizi tuziite wenzi. Zinabeba jeni za sifa zilezile kwa mpangilio uleule, ingawa si lazima jeni hizo ziwe za aina moja. Katika mitosisi wenzi hawajuani. Kila kromosomu hujipanga peke yake kwenye ikweta ya seli, kromatidi zake dada hutengana, na kila seli binti hupata nakala moja ya kila kromosomu kati ya zile 20.

Katika meiosisi ya kwanza wenzi hutafutana, hulala sambamba, hubadilishana vipande, kisha hupangana kwenye ikweta wakiwa wawili wawili. Kinachotengana hapa ni wenzi. Kromatidi dada zinabaki zimeshikana. Kila upande unapata kromosomu 10, na kila moja ya hizo 10 bado ni doti nzima yenye kromatidi mbili. Idadi imepungua kutoka 20 hadi 10, na upungufu wote wa meiosisi umekwisha hapo.

Meiosisi ya pili huanza na seli zenye kromosomu 10 zisizo na wenzi. Hakuna unakili mwingine wa DNA kati ya mgawanyiko wa kwanza na wa pili. Kromatidi dada sasa hutengana kama zilivyofanya katika mitosisi, na kila seli kati ya nne za mwisho hupata kromosomu 10, kila moja ikiwa na uzi mmoja. Kinachopungua katika hatua hii ni kiasi cha DNA katika kila seli. Idadi ya kromosomu inabaki 10.

Tukitazama hapo tutamwelewa pia yule wa 20, 20, 10. Baada ya meiosisi ya kwanza alihesabu nyuzi, na nyuzi ni 20 kweli. Kisha baada ya meiosisi ya pili akahesabu tena nyuzi, zikawa 10, na jibu lake la mwisho likaangukia kwenye usahihi bila yeye kujua kwa nini. Mwanafunzi huyu ndiye anayenitia wasiwasi kuliko wengine, kwa sababu msahihishaji mwenye haraka humpa alama mbili kati ya tatu na kupita.

3. Hesabu ya arobaini

Sasa nifike kwenye hesabu niliyoahidi. Seli ya mahindi iliyo tayari kugawanyika ina kromatidi 40. Kuanzia hapo mpaka mwisho wa mgawanyiko, kromatidi hazizaliwi wala hazipotei. Zinagawanywa tu. Basi mwanafunzi akishaandika jibu, na ajumlishe kromatidi zilizomo katika seli binti zote kwa pamoja. Lazima zirudi kuwa 40.

Tuanze na jibu sahihi. Mitosisi imetoa seli 2, kila moja ina kromosomu 20 za uzi mmoja mmoja: 2 mara 20 ni 40. Meiosisi ya kwanza imetoa seli 2, kila moja ina kromosomu 10, na kila kromosomu ina kromatidi 2: 2 mara 10 mara 2 ni 40. Meiosisi ya pili imetoa seli 4 zenye kromosomu 10 za uzi mmoja: 4 mara 10 ni 40. Vipengele vyote vitatu vinafunga.

Tuyapitishe na yale mengine. Aliyeandika 5 mwishoni ana seli 4 zenye kromosomu 5, jumla 20. Tumwulize kwa upole kromatidi nyingine 20 zimekwenda wapi. Aliyeandika 20 baada ya meiosisi ya kwanza ana seli 2, kromosomu 20, kila moja na kromatidi 2, jumla 80. Amezizidisha mara mbili bila seli kunakili chochote. Aliyeandika 40 baada ya mitosisi naye anafika 80. Hakuna hata mmoja aliyepona.

Mtaona kwamba hesabu hii inadai jambo moja: mwanafunzi ajue katika kila hatua kama kromosomu ina kromatidi moja au mbili. Ndiyo maana napendelea majibu yaandikwe kwa safu mbili, ya kromosomu na ya kromatidi kwa kila seli. Mitosisi: 20 na 20. Meiosisi ya kwanza: 10 na 20. Meiosisi ya pili: 10 na 10. Safu hizo mbili zinapotofautiana, ndipo mwalimu anapojua kama mwanafunzi ameelewa.

4. Uhakiki kwa njia ya utungisho

Njia ya pili ya kuhakiki ni kurudi shambani. Gameti ya kiume na gameti ya kike zikiungana lazima zirudishe idadi ya mzazi: 10 na 10 ni 20. Kama gameti zingekuwa na 5, kizazi kifuatacho kingekuwa na 10, na hicho kisingepata hata namna ya kugawa sawasawa, kwa kuwa nusu ya 5 si idadi kamili ya kromosomu. Mahindi yangetoweka katika misimu michache.

Mahindi yana ziada nzuri hapa. Chembe ya chavua inapokomaa, seli iliyotokana na meiosisi ikiwa na kromosomu 10 hugawanyika tena kwa mitosisi na kutoa viini vitatu, kila kimoja na kromosomu 10. Viwili kati yake ni vya mbegu za kiume. Kimoja huungana na yai lenye 10 na kutoa kiinitete chenye 20. Cha pili huungana na viini viwili vya kike vyenye 10 kila kimoja, na kutoa endospemu inayoanza maisha yake ikiwa na kromosomu 30. Endospemu hiyo ndiyo sehemu kubwa ya punje, na mahindi yakikobolewa kiini kikaondolewa, ndiyo inayobaki kuwa sembe. Kwa hiyo nyote mliokula ugali mchana huu mmekula matokeo ya 10 na 10 na 10.

Simulizi hiyo inavunja kanuni moja iliyoandikwa katika madaftari mengi, kwamba mitosisi hutoa seli za diploidi. Mitosisi hutoa idadi ileile iliyoikuta. Ikiikuta seli yenye 10 itatoa seli zenye 10. Nyuki wanalionyesha jambo hili kwa namna ambayo watunga mitihani wanaipenda. Malkia ana kromosomu 32. Nyuki dume hutokana na yai ambalo halikutungishwa, kwa hiyo ana 16. Mbegu zake za kiume zina ngapi? Anayekariri ataandika 8. Lakini dume hana wenzi wa kutenganisha, na mbegu zake huundwa bila upunguzaji, zina 16. Swali la kwanza katika kila hesabu ya meiosisi liwe hili: je, jozi zipo?

Ndugu zetu wa Kagera na Uganda wana mfano wao migombani. Ndizi za kupika za nyanda za juu zina seti tatu za kromosomu 11, jumla 33. Tatu haigawanyiki kwa mbili, upangaji wa wenzi huvurugika, na gameti timamu ni adimu sana. Ndiyo sababu kubwa tunapanda machipukizi badala ya mbegu.

5. Wanasayansi nao walihakiki upande mmoja kwa upande mwingine

Msidhani kuhesabu kromosomu ni kazi ya watoto wa shule tu. Mwaka 1923 Mmarekani Theophilus Painter alichapisha kwamba binadamu ana kromosomu 48. Alikuwa akitazama vipande vyembamba vya korodani, ambamo kromosomu zimelundikana na kufunikana. Namba hiyo ilikaa vitabuni kwa zaidi ya miaka thelathini.

Mwishoni mwa 1955, huko Lund nchini Uswidi, Joe Hin Tjio, mzaliwa wa Java, pamoja na Albert Levan, walitumia seli za mapafu ya vijusi zilizooteshwa maabara. Walizitia kolchisini, dawa inayozuia uzi wa spindeli hivyo seli hukwama katika metafesi, na wakaziweka katika maji yenye chumvi kidogo ili zivimbe na kromosomu zitawanyike. Walihesabu 46. Matokeo yalichapishwa mwaka 1956.

Hiyo ilikuwa hesabu ya mitosisi. Mwaka huohuo Charles Ford na John Hamerton, nchini Uingereza, walikwenda upande wa pili. Walitazama seli za korodani katika metafesi ya meiosisi ya kwanza, pale wenzi wanapokuwa wameshikana, wakahesabu jozi 23. Mara mbili ya 23 ni 46. Kama Painter angekuwa sahihi, jozi zingekuwa 24. Angalieni walivyofanya: namba iliyopatikana katika mgawanyiko mmoja ilipimwa kwa mgawanyiko mwingine, ambao ulikuwa na nafasi ya kuikanusha.

6. Mahali hesabu inapofikia mwisho wake

Nisiwafiche kwamba hesabu ya kromatidi ina kitu isichokiona. Tuchukue binadamu. Seli iliyo tayari kwa meiosisi ina kromatidi 92. Tuseme katika meiosisi ya kwanza wenzi wa jozi moja wameshindwa kutengana, wote wawili wakaenda upande mmoja. Seli nne za mwisho zitakuwa na kromosomu 24, 24, 22 na 22. Kosa likitokea katika meiosisi ya pili, kwa kromatidi dada za kromosomu moja katika seli moja, tutapata 24, 22, 23 na 23. Jumlisheni. Mara zote mbili ni 92.

Jumla imefunga, na mgawo umeharibika. Hesabu ya jumla hugundua kosa la mwanafunzi aliyeumba au kupoteza kromatidi, lakini haigundui kosa la seli iliyozigawa vibaya. Kwa hilo tunahitaji kutazama jozi moja moja. Yai lenye 24, lenye nakala mbili za kromosomu ya 21, likitungishwa na mbegu yenye 23, hutoa mtoto mwenye 47. Mwaka 1959 Jérôme Lejeune, Marthe Gautier na Raymond Turpin, mjini Paris, walichapisha kwamba hiyo ndiyo hali ya watu wenye sindromu ya Dauni. Swali likimpa mwanafunzi seli nne na kumwuliza kosa limetokea katika mgawanyiko gani, atazame kama kuna seli yoyote yenye 23. Ikiwa zipo mbili, kosa ni la mgawanyiko wa pili. Ikiwa hakuna hata moja, ni la kwanza.

Mheshimiwa Mwenyekiti, ninaona saa. Nimalizie kwa jambo la kufanya muhula ujao, nami niko tayari kushirikiana na shule yoyote yenye hadubini inayofanya kazi.

Vitunguu maji tunavyo. Kioteshwe kitunguu juu ya glasi ya maji, ncha za mizizi zikatwe, zihifadhiwe katika mchanganyiko wa alkoholi sehemu tatu na asidi asetiki kali sehemu moja, zilainishwe kwa dakika chache katika asidi hidrokloriki iliyozimuliwa kwenye nyuzi 60, zitiwe rangi ya aseto-orsini, kisha zibanwe taratibu chini ya kioo. Seli za metafesi zinapaswa kuonyesha kromosomu 16, kila moja na kromatidi mbili. Hesabuni seli nyingi, kwa kuwa seli iliyopasuka kwa kubanwa hupoteza kromosomu na itawapa 14 au 15 kwa ukaidi mkubwa.

Kwa meiosisi, masika ijayo tuchukue mbelewele za mahindi zikiwa changa, bado zimefunikwa na majani, maana zikishachomoza tumechelewa. Chavulio zihifadhiwe kwa njia hiyohiyo na kutiwa rangi ya asetokamini. Katika metafesi ya kwanza tutafute vitu 10 kwenye ikweta, kila kimoja kikiwa ni wenzi wawili walioshikana. Yeyote atakayehesabu 20 asifute namba yake. Aichore seli kama alivyoiona na aje nayo, kwa sababu huenda ametazama anafesi ya kwanza, ambapo zipo 20, kumi kila upande, na tutaanzia kwenye mchoro wake.

Sasa maswali.